Naomba ushauri: risiti iliyokunjamana na ujumbe "iweke sawa hii"

Habari zenu wanajamvi. Mteja ninayemtunzia hesabu, amesajiliwa VAT hapa Tanzania, kanitumia picha ya risiti ya EFD iliyokunjamana pamoja na maneno "iweke sawa hii" tu. Hapatikani kwenye simu.

Jumla inasomeka vizuri: 94,400. Bidhaa ni rimu za karatasi, wino wa printa, sukari na majani ya chai. Kunjo limepita juu ya mstari wa kodi na herufi zilizo pembeni ya bei. Kama vyote vina VAT ya 18%, 94,400 × 18/118 inatoa 14,400. Kimoja tu kikiwa na msamaha, hesabu hiyo inazidisha kodi ya kudai. Nimejaribu kuihakiki kwenye tovuti ya TRA. Namba ya uhakiki inasomeka, ila mfumo unataka na saa ya risiti, nayo imefifia.

Je, niandike jumla pekee na kugawa matumizi ya ofisi na chai, VAT ingoje picha safi? Na je, kuna njia ya kuisoma ile saa kwenye picha hii hii?