Tupeane uzoefu: neno la shukrani mwisho wa warsha, uwataje wote na usiwachoshe

Mwanatudor
Hamjambo ndugu zangu. Mwezi uliopita nilihudhuria warsha ya siku tatu ya upandaji mikoko hapa Mombasa, na siku ya mwisho, zikiwa zimebaki kama dakika kumi hivi, mshereheshaji aliniinamia akaniambia kwamba nitatoa neno la shukrani. Sikuwa nimeandika chochote. Nilisema kwa dakika 11, nikataja majina yasiyopungua ishirini, nikamshukuru mfadhili mara tatu, na bado nikamsahau mwezeshaji wa siku ya pili, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele akinitazama. Wenzetu wa ng'ambo ya Likoni walikuwa wameshashika mikoba yao, kwa sababu jioni kila dakika inayopotea ukumbini huongeza watu mbele yako kwenye feri. Nimeombwa tena mwezi huu. Waliowahi kupewa kazi hii, hufanyaje?

Karani Mstaafu
Mwanangu, ulichokosa si ufasaha, ulikosa karatasi. Nimekuwa karani wa mikutano kwa miaka mingi, na asubuhi ya siku ya kwanza hufungua ukurasa mmoja wa daftari nikaugawa sehemu tatu: waliofundisha, waliogharamia na waliohudhuria. Kila mwezeshaji anapomaliza kipindi, huandika jina lake kama anavyolitamka yeye mwenyewe na jambo moja tulilobaki nalo. Siku ya mwisho ninakuwa na sentensi moja kwa kila mtu, na anayekosekana huonekana pale pale, kwa kuwa nafasi yake ni tupu.

Sehemu ya wafadhili ndiyo yenye mtego. Aliyetoa fedha, aliyeziendesha na aliyetoa ukumbi wanaweza kuwa watatu tofauti, nasi kwa mazoea huwaita wote wafadhili. Muulize mratibu kabla ya chakula cha mchana nani alilipa nini, na kama yuko asiyependa kutajwa. Kisha nakili jina kutoka kwenye bango, usilitoe kichwani.

Nikiwa mahali pako ningesema hivi, nikiweka majina badala ya vyeo:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mratibu wetu, na nyote mlioketi hapa, washiriki wenzangu 34 wamenituma niseme asanteni. Mwezeshaji wa siku ya kwanza ametufundisha kuchagua miche ya mkandaa iliyo tayari kutoka kitaluni. Mwezeshaji wa pili ametupeleka ufuoni maji yakiwa yamekupwa, tukapima kwa kamba nafasi kati ya mche na mche. Wa tatu ametufungulia daftari la fedha za kikundi, na tumelielewa. Shirika lililogharamia ukumbi, chakula na nauli, tunalishukuru, pamoja na mratibu aliyehakikisha kwamba kila siku tumeanza kwa wakati. Nanyi washiriki kutoka Tudor, Jomvu, Mikindani na Mtongwe, mlileta miche yenu wenyewe ili tufanyie mazoezi, asanteni. Nawatakia safari njema."

Nimeyasoma kwa sauti huku nikitazama saa, na hayakufika dakika moja na nusu. Utaona kwamba sikusema "bila kusahau" wala "mwisho lakini si kwa umuhimu". Ukisema mara moja kwamba hukumsahau fulani, msikilizaji huanza kuhesabu uliowasahau.

Kijana wa Kisauni
Nakubaliana na mzee, isipokuwa mpangilio. Kanuni ni kuanza na mkubwa na kushuka hadi mdogo: mgeni rasmi, mfadhili, halafu wawezeshaji. Na ukitaka kufupisha, sema "itifaki imezingatiwa" ukaendelee, hapo umewamaliza wote kwa maneno mawili.

Karani Mstaafu
Ukubwa una mahali pake, nako ni kwenye salamu za mwanzo. Shukrani hufuata kazi iliyofanywa, ndiyo maana mgeni rasmi aliyefika saa kumi kufunga warsha hatangulii mbele ya mtu aliyesimama siku nzima ufuoni. Ama "itifaki imezingatiwa", hayo maneno hukuondolea kurudia salamu ambazo msemaji aliyekutangulia amekwisha kuzitoa. Hayamshukuru mtu yeyote. Nimewahi kumsikia kijana akiyatumia badala ya majina ya wawezeshaji, na ukumbi mzima ukanyamaza ukidhani bado anaendelea.

Mama wa Mtongwe
Mimi nauliza jambo jingine. Katika warsha niliyohudhuria mwaka jana tuliahidiwa nauli, tukaondoka mikono mitupu, nami ndiye niliyepewa neno la shukrani. Ningewezaje kumshukuru mfadhili kwa kitu ambacho sikukipata? Nilisema wazi kwenye kipaza sauti kwamba nauli bado, watu wakapiga makofi, lakini mratibu hajanialika tena.

Mwanatudor
Pole sana, mama. Hilo linanihusu pia, kwa kuwa hata kwetu nauli ilichelewa hadi jioni ya siku ya mwisho.

Karani Mstaafu
Bi mkubwa, mshukuru kwa ulichokula na ulichofundishwa, na nauli usiitaje kabisa, hata kwa kuisifu. Kisha shukeni wawili watatu mkamwone mratibu kabla hajafunga faili. Mfadhili anaweza kuwa ametoa fedha zote na zikakwama kwa mwingine, nawe ukawa umemwaibisha asiyehusika mbele ya mgeni wake.

Mama wa Mtongwe
Sikubali moja kwa moja. Nikinyamaza kwenye kipaza sauti, huyo mratibu ataniona lini?

Mratibu Mikindani
Nami huandaa warsha, kwa hiyo nasema kutoka upande wa pili wa meza. Sehemu inayorefuka kuliko zote ni ya washiriki, maana msemaji huwatazama marafiki zake ukumbini na kuanza kuwataja mmoja mmoja. Ukimtaja mshiriki mmoja kwa jina, wale 33 wengine wana haki ya kuuliza kwa nini si wao. Wataje kwa walikotoka au kwa kikundi, kisha utaje jambo moja walilolifanya pamoja, na lazima liwe la kweli. Usiwasifu kwa kuwahi ikiwa nusu yao walifika saa nne. Utani juu ya wachelewaji nao uuache, kwani mwingine alichelewa kwa sababu ya mgonjwa.

Kuhusu wapishi na fundi wa sauti, mimi hupenda watajwe kwa sentensi moja. Wenzangu kadhaa wanasema hao wamelipwa, kwa hiyo orodha isifunguliwe. Hatujawahi kuafikiana.

Karani Mstaafu
Hata mwezeshaji amelipwa. Lakini mimi huwaendea jikoni.

Mwanatudor
Nimerudi kuwapa habari. Ijumaa nilifuata ule ukurasa wenye sehemu tatu, nikasema kwa dakika mbili kasoro, na mratibu alinisahihisha mapema jina la shirika ambalo nilikuwa nimeliandika kwa kifupisho cha zamani. Nilipokwisha kuketi nikakumbuka kwamba mkalimani wa lugha ya ishara hakuwa katika sehemu yoyote ya karatasi yangu, ingawa alisimama kando ya kila mwezeshaji siku zote, na hata maneno yangu yale yeye ndiye aliyeyafasiri. Nilimfuata mlangoni nikamwomba radhi. Je, ningerudi kwenye kipaza sauti?

Mratibu Mikindani
Ningekuita urudi, kwa sentensi moja tu, kabla ya dua ya kufunga.

Karani Mstaafu
Mimi ningekuacha umfuate mlangoni. Ila kwenye daftari ongeza sehemu ya nne.