Mada: Nimeandikiwa verbale kwenye treni ya Siena, mashine ya kugongea tiketi ilikuwa mbovu

Kutoka: Mama Rehema, Siena

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Jumanne nilikuwa naenda Pisa kumpokea mdogo wangu uwanja wa ndege. Tiketi ya karatasi nilikuwa nimeinunua tangu jana yake kwenye duka la tabacchi. Asubuhi nafika stesheni, natia tiketi kwenye mashine ya kugongea, kimya. Ile ya pili ina maandishi Fuori servizio. Treni imeshafungua milango, nikapanda. Kabla ya Poggibonsi akaja mkaguzi, akaigeuza tiketi huku na huku, akaniambia haina convalida. Nikamweleza mashine ni mbovu. Akasema kwa nini hukuniambia mapema? Akaniandikia verbale, karatasi ya faini.

Balaa halikuishia hapo. Empoli ndipo nilipotakiwa kubadilisha treni. Nikasimama kuangalia ubao, hakuna Pisa. Kwenye kipaza sauti nikasikia neno coincidenza, simu ikanitafsiria "sadfa". Treni ya Pisa ikaja ikaondoka mbele ya macho yangu. Mdogo wangu alinisubiri uwanjani saa nzima na mtoto mgongoni.

Nimepeleka verbale dirisha la tiketi, wakanielekeza ofisi nyingine. Ofisi nyingine wakasema niandike barua. Swali langu ni moja: permesso yangu ya kuishi hapa inaisha mwezi wa tatu, nikiomba upya kule questura, ofisi ya polisi, hii verbale itaonekana? Nilipe yaishe, au nipinge?

Kutoka: Kaka Malindi, Napoli

Pole sana dada. Mimi Kiitaliano changu nilikipata Malindi, na Waitaliano walivyojaa kule nilidhani nimemaliza. Nilipofika hapa nikagundua Kiitaliano cha ufukweni na cha stesheni ni vitu viwili. Coincidenza ni treni ya kuunganisha. Yaani ukisikia hivyo tulia, treni yako inakusubiri. Na siku nyingine nunua kwenye simu, tiketi ya simu haihitaji kugongwa wala kufanyiwa chochote.

Kutoka: Babu Firenze

Marahaba Mama Rehema. Kaka Malindi, nakuomba usiwapoteze watu. Nimefanya usafi kwenye stesheni miaka kumi na tisa na watu waliokaa wakisubiri "kusubiriwa" nimewaona wengi mno.

Coincidenza maana yake ni kwamba kwenye ratiba treni mbili zimepangwa zifuatane ili ushuke hii upande ile. Hakuna ahadi ya kusubiri. Ikiwa ya kwanza imechelewa, ya pili inaweza kuondoka kwa saa yake.

Na tiketi ya simu ya treni za mkoa nayo ina lake. Tangu Agosti 2023 walianza kudai ubonyeze Check-in kwenye simu kabla ya kupanda. Mjukuu wangu hakubonyeza, akahesabiwa kama asiyegonga. Isiyohitaji kitu ni tiketi ya Frecciarossa au Intercity, kwa sababu ile imeandikwa treni, saa na kiti. Tiketi ya karatasi ya mkoa haina treni maalumu, na ndiyo sababu ya kuigonga. Bila mhuri ungeweza kuitumia asubuhi, na jioni ukapanda nayo tena.

Sasa la mashine mbovu. Ukikuta hivyo, toa kalamu uandike mwenyewe juu ya tiketi: tarehe, saa, na jina la stesheni uliyopandia. Halafu usikae. Mtafute capotreno, mkuu wa treni anayekagua tiketi, wewe kabla hajakutafuta yeye, umwambie mashine ya Siena haifanyi kazi. Ukikaa kitini ukamsubiri, hata kama unasema kweli, kwake wewe na anayetaka kusafiri bure mnafanana. Kama una simu, piga picha ya mashine na saa ionekane.

Kutoka: Sista, Viterbo

Tumsifu Yesu Kristo. Mama Rehema, pole. Treni yako ilikuwa ya saa ngapi? Nauliza kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilisikia "ore sette" kichwani nikaandika saa saba, nikafika stesheni mchana. Ore sette ni saa moja yetu ya asubuhi. Saa saba yetu ya mchana wao wanaita ore tredici. Wasichana wanaokuja shirikani kwetu hilo ndilo somo la kwanza ninalowapa, kabla hata ya sala kwa Kiitaliano.

Kutoka: Mama Rehema, Siena

Milele amina Sista. Ilikuwa saa moja na dakika 18 asubuhi, saa yetu. Kwenye tiketi sikuandika kitu, sikujua. Picha ya mashine ninayo, nilipiga nimtumie mume wangu. Babu, na kwa nini Pisa haikuwa kwenye ubao?

Kutoka: Babu Firenze

Picha hiyo usiifute.

Ubao mkubwa unaonyesha mwisho wa safari ya treni, si mahali unaposhuka wewe. Treni nyingi zinazotoka Firenze kupita Empoli na Pisa zinaishia Livorno. Kwa hiyo kwenye ubao imeandikwa Livorno Centrale, na Pisa inapita kwa maandishi madogo pembeni kama mstari wa mchwa. Usitafute mji wako. Tafuta namba ya treni, ambayo unaipata mapema kwenye simu au kwenye karatasi kubwa ya njano iliyobandikwa ukutani. Ya njano ni ya zinazoondoka, nyeupe ni ya zinazoingia. Kwenye ile ya njano kila treni imeandikiwa vituo vyake na saa zake.

Tangazo nalo lina mpangilio mmoja, ukiuzoea husikilizi maneno yote. Kwanza aina ya treni na namba, kisha "delle ore" na saa, kisha "per" na mwisho wa safari, kisha binario, yaani namba ya njia. Baada ya hapo ndipo anasema "Ferma a" na kutaja vituo. Kwa hiyo jina la Pisa lilitajwa dada, lakini lilikuja mwisho, baada ya Livorno, wakati wewe umeshaacha kusikiliza. Na hiyo saa ya "delle ore" ni ya ratiba. Ikiwa treni imechelewa nusu saa bado wataitaja kwa saa ile ile ya zamani, kama jina lake.

Neno la kukutoa kitini ni "invece che". Ukisikia "binario 4 invece che dal binario 2" maana yake njia imebadilishwa: nenda ya 4, iache ya 2. Wageni wengi wanashika namba ya mwisho waliyoisikia, ambayo ndiyo ile iliyofutwa.

Kutoka: Kaka Malindi, Napoli

Sawa Babu, nimesahihishwa. Ila huyo dada alipoachwa Empoli ilibidi anunue tiketi nyingine, siyo?

Kutoka: Babu Firenze

Hapana. Tiketi ya mkoa ikishagongwa inaishi kwa muda wa saa nne. Ndani ya muda huo unapanda treni ya mkoa inayofuata kwenye njia ile ile, hulipi tena.

Kutoka: Mama Bukavu, Torino

Jambo kwa wote. Miye pia walinifanyia hivyo. Nilitoka kijiji kimoja karibu na Torino, treni ya mkoa ikachelewa dakika 40, nikakosa ile ya kasi ya kwenda Roma. Tiketi ya kasi nililipa euro 59. Dirishani wakaniambia imekufa, ninunue ingine. Nililia pale mbele ya watu. Nilikuwa naenda kwenye matanga.

Kutoka: Babu Firenze

Pole sana mama, na msiba. Uliponunua, zilikuwa pamoja au mbalimbali?

Kutoka: Mama Bukavu, Torino

Mbalimbali. Ya kijijini nililipa kwa mashine asubuhi ile.

Kutoka: Babu Firenze

Hapo ndipo walipokushindia. Kuna kanuni ya Ulaya, namba 2021/782, ilianza kutumika Juni 2023. Ukinunua safari yote kwa malipo ya mara moja kwa kampuni moja, basi ukikosa treni ya kuunganisha kwa sababu yao, wao ndio wanaopaswa kukufikisha. Na ukichelewa kufika mwisho wa safari kuanzia dakika 60 unadai robo ya nauli, kuanzia dakika 120 unadai nusu. Ukinunua vipande vipande, kila kipande kinasimama peke yake. Andikeni toka kijijini hadi Roma kwenye ombi moja la kununua, hata kama kipande cha kwanza ni cha euro 3.

Kutoka: Mwanafunzi, Bologna

Nasoma haya huku namkumbuka bibi yangu Kigoma. Treni ya reli ya kati ikichelewa nusu siku tulikuwa tunapika pale pale stesheni, na hakuna aliyeachwa. Sasa Dar hadi Dodoma wana ya umeme tangu 2024, sisi wa mwisho wa reli bado tunatazama.

Kutoka: Kaka Malindi, Napoli

Angalau ninyi mna ahadi. Reli mpya ya kwetu ilianza 2017 kutoka Mombasa, nayo ukishuka Nairobi unashukia Syokimau, bado hujafika mjini. Na Malindi hatukuwahi kuona reli yoyote.

Kutoka: Sista, Viterbo

Wanangu, turudi kwa Mama Rehema. Amelipa au hajalipa?

Kutoka: Mama Rehema, Siena

Sijalipa. Nimeogopa kulipa na nimeogopa kutolipa.

Kutoka: Babu Firenze

Soma nyuma ya karatasi kabla hujafanya lolote. Faini hizi zinawekwa na sheria ya mkoa, ndiyo maana ya Toscana si lazima ilingane na ya Lazio, na kiasi kilichopunguzwa kina siku zake za mwisho. Ukilipa, umefunga mlango, huwezi kupinga tena. Ukitaka kupinga, sheria namba 689 ya mwaka 1981 inatoa siku 30 tangu ulipokabidhiwa verbale, uandike utetezi kwa ofisi iliyotajwa humo. Eleza mashine mbili, weka ile picha, taja saa ya treni na namba yake, na utume kwa barua ya rejista ili ubaki na risiti. Lakini sitakudanganya: kalamu hukutumia na capotreno hukumfuata, na hayo mawili watayashika.

Kutoka: Kaka Malindi, Napoli

Kwa la permesso, jirani yangu alipata verbale mbili za basi na akapewa upya bila shida. Hiyo ni adhabu ya kiutawala, si kesi ya jinai.

Kutoka: Mama Bukavu, Torino

Verbale za jirani yako alizilipa? Kuna mtu wa hapa alikataa kumpa mkaguzi jina lake, ikawa maneno mengine kabisa, na polisi wakaja.

Kutoka: Babu Firenze

Hilo ni kosa jingine. Capotreno ni ofisa wa umma, kumnyima jina lako ndiko kunakoingia kwenye jinai. Mama Rehema alitoa hati zake, hayuko huko.

Kutoka: Mama Rehema, Siena

Nilitoa zote. Basi naandika utetezi. Lakini kuna yeyote ambaye aliandika, akakataliwa, na akaomba permesso wakati huo huo? Siku 30 zangu zinaisha tarehe 14.

Kutoka: Mwanafunzi, Bologna

Mama, samahani kuingilia. Yule aliyesema zamani kuwa kuna duka la unga wa sembe Empoli, liko upande gani wa stesheni? Jumamosi napita hapo, nina dakika 25 kati ya treni na treni.