Tupeane uzoefu: vidonge vya usingizi na pombe. Nani amewahi kuona mtu "akilala vizuri" kumbe pumzi inaisha?

Dada wa Free Area

Habari za jioni wadau. Yangu si ya kusikia, niliishuhudia. Mwaka jana tulikuwa Butere kwa matanga ya mzee wetu, mimi nikitoka Nakuru, kaka yangu mkubwa akitoka Eldoret. Kaka hakuwa amepata usingizi tangu ile simu ya msiba iingie. Jirani mmoja mwenye roho safi akamwonea huruma, akampa vidonge vyake mwenyewe vya diazepamu, vya miligramu 5. Alhamisi kaka akameza 2, akalala kidogo. Ijumaa saa mbili usiku akameza 2 tena, kisha badala ya kwenda kulala akatoka kuota moto na vijana. Nyuma ya jikoni kulikuwa na mtungi wa chang'aa. Alikunywa kiasi gani? Hakuna anayepima chang'aa matangani.

Saa nne ulimi ulikuwa mzito. Saa tano tukamkuta chali kwenye mkeka chini ya hema, anakoroma mpaka watoto wanamcheka. Shangazi akasema, "Mwacheni, siku tatu hajafumba jicho huyu." Tukamfunika blanketi. Kama saa saba kukoroma kukanyamaza, nami nikashukuru, nikasema sasa amelala kweli.

Binti ya binamu yangu, anayesomea utabibu, alikuwa anapita kwenda chooni. Akasimama. "Shangazi, hebu nyamaza usikilize." Tukasikiliza. Kimya. Kimya kirefu hadi nikasikia panya kwenye mahindi. Halafu mguno mmoja, kama mtu anayekabwa koo, halafu kimya tena. Akatoa simu, akaweka mkono juu ya tumbo la kaka, akahesabu dakika nzima. Pumzi 6.

Alimwita kwa jina, akamsugua katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi, wala jicho halikufunguka. Tulimgeuza ubavu, tukampakia kwenye pikapu iliyoleta spika za disko matanga. Hospitalini walimpulizia hewa kwa mfuko wa mkono kwa muda mrefu, baadaye oksijeni ya kawaida. Aliamka saa nne asubuhi akauliza kama ng'ombe ameshachinjwa.

Nataka kusikia wengine. Na kama kuna mhudumu wa afya humu, anieleze: vidonge 2 tu, na mtu mzima mwenye kilo zake 80?

Fundi Mabati

Pole sana dada. Hapo shida ni ini. Ini haliwezi kuchuja pombe na dawa kwa wakati mmoja, kwa hiyo dawa inageuka sumu mwilini. Ndiyo maana wazee husema mpe maziwa mengi. Mjomba wangu wa Bungoma alipewa maziwa na akapona.

Sista wa Zamu ya Usiku

Fundi, kuhusu ini una nusu ya ukweli. Ni kweli pombe na dawa hupishana kwenye mlango mmoja wa ini, moja ikichelewesha nyingine. Lakini kaka wa dada hakukaribia kufa kwa sababu ya ini. Tatizo lilikuwa kwenye shina la ubongo, pale nyuma ya shingo juu.

Sehemu hiyo ndiyo inayokupumulia ukiwa umelala. Hewa ya ukaa ikipanda kwenye damu, inaamrisha kifua kivute. Sasa diazepamu na ndugu zake zote zinakanyaga breki moja kwenye ubongo. Pombe nayo inakanyaga breki hiyohiyo, ila kwa mguu mwingine. Diazepamu peke yake, ikimezwa na mtu mwenye afya, ni nadra kumkatia pumzi. Ndiyo maana watu huiamini. Ongeza pombe, na ile sehemu inaacha kusikia hewa ya ukaa ikipanda. Mtu hasikii kwamba anakosa hewa. Hahangaiki, harushi mikono. Anatulia tu, na utulivu huo ndio mliouona kama usingizi mtamu.

Kuhusu maziwa: usimpe mtu asiyeamka vizuri kitu chochote mdomoni. Koo lake limelegea, hawezi hata kukohoa, maziwa yanaingia kwenye mapafu. Kahawa ni hivyohivyo. Kumlazimisha atapike ni vilevile. Mjomba alipona, ndiyo, lakini si maziwa yaliyomponya.

Dada, vidonge 2 havikuwa 2. Diazepamu hukaa sana: baada ya siku nzima, nusu au zaidi ya ile ya Alhamisi bado ilikuwemo. Na chang'aa ya saa nne haikuwa imemalizika kuingia kwenye damu saa tano. Mtu aliyezima akiwa na pombe tumboni anaendelea kulewa akiwa amelala. Kwa hiyo kumkuta saa tano "yuko sawa, anakoroma" hakukwambii atakuwaje saa saba.

Mzee wa Section 58

Mimi nina miaka 61. Nimetumia vidonge vya usingizi karibu miaka sita, na bia zangu 2 jioni sijaacha. Mbona niko hapa naandika? Nyinyi vijana mnatishana bure. Hiyo ilikuwa chang'aa mbaya, basi.

Sista wa Zamu ya Usiku

Mzee wangu, shikamoo. Chang'aa mbaya ipo, na ina mambo yake. Ila nikuulize, mama nyumbani hakuambii unakoroma, kisha unanyamaza, kisha unashtuka kama mtu aliyetoka majini?

Mzee wa Section 58

Marahaba. Ananiambia kila siku. Alihamia chumba cha watoto kwa sababu hiyo.

Sista wa Zamu ya Usiku

Basi hapo ndipo ninapoogopa. Koo lako hujifunga usiku hata bila dawa, na kinachokuokoa ni ule mshtuko. Pombe na kidonge vinalegeza koo zaidi, halafu vinaufanya mshtuko uchelewe. Mwili ukizoea, unazoea upesi ile raha na ule usingizi, ndiyo maana mtu huongeza kidonge. Pumzi haizoei kwa kasi hiyohiyo. Jioni ya bia 2 ikawa ya 4, au ukapata mafua makali ya kifua, hesabu inabadilika na wewe huna habari.

Lakini tafadhali usiamke kesho ukavitupa. Aliyetumia miaka sita akikata ghafla anaweza kupata degedege. Nenda kwa aliyekuandikia, umwambie na za bia pia, akupunguzie polepole.

Mzee wa Section 58

Nitafikiria. Sijasema nitaenda.

Boda wa Kondele

Mimi yangu ni ya mchele, ile dawa ya kulaza watu wanayowekewa kwenye kinywaji waibiwe. Usiku mmoja nilipigiwa simu nibebe abiria nje ya kilabu, jamaa kavaa suti, simu hana, waleti hana. Walinzi wakasema amelewa tu, mpeleke Nyalenda. Wakampandisha katikati, rafiki yangu nyuma akimshika, mshikaki wa kawaida. Kufika mzunguko wa barabara rafiki akasema, "Huyu mtu amekuwa mzito ghafla, na sisikii akivuta." Kichwa kilikuwa kimeanguka mbele, kidevu kimegusa kifua. Tulisimama, tukamlaza kando ya barabara, nikamwinua kidevu, na mara akavuta hewa kubwa, mpaka nikaruka nyuma. Tukaita tuktuk. Alipona, ila hadi leo hatujui aliwekewa nini. Watu wanasema bugizi. Sista, ni ile pikipiki iliyokaribia kumwua?

Sista wa Zamu ya Usiku

Pikipiki haikumlevya, ila ile shingo iliyokunjika ilimfunga njia ya hewa. Mtu aliyezima hafai kukalishwa. Alazwe kwa ubavu, goti la juu limekunjwa limkinge asigeuke, kichwa kirudi nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje. Kwenye gari awe kiti cha nyuma vivyo hivyo, na mtu wa kumtazama kifua njia nzima. Pumzi ikikatika kabisa, ndipo mnamlaza chali kubonyeza kifua na kumpulizia.

Na mhesabu kama yule binti wa Butere: dakika nzima. Msihesabu sekunde 15 mkazidisha mara 4, kwa sababu pumzi za namna hii huja mbili kisha zinapotea. Mtu mzima aliyelala huvuta kati ya 12 na 20. Akiwa chini ya 10, au ananyamaza sekunde kumi na zaidi halafu anaguna, au haamki ukimsugua kifua, msisubiri kuche. Piga 999 au 112, au chukua gari lolote lililo karibu. Usiangalie ngozi ya uso, kwetu haionyeshi upesi. Fungua mdomo wa chini uangalie ndani, na kucha: zikiwa za kijivu au zambarau, tayari mmechelewa kidogo.

Mama Brayo Kakamega

Samahani, mimi nina mafua, nimemeza Piritoni 1 mchana na nina harusi jioni. Kwani hata hiyo ni ya usingizi? Na Panadoli je?

Sista wa Zamu ya Usiku

Mama Brayo, Panadoli si ya habari hii. Piritoni inalaza, na ikikutana na pombe inalaza zaidi. Kunywa soda leo.

Fundi Mabati

Nina swali. Nimesikia kuna sindano ya kumwamsha mtu papo hapo. Kwa nini kaka wa dada hawakumdunga wakamaliza?

Sista wa Zamu ya Usiku

Ile inayosifiwa sana ni ya dawa za jamii ya mofini, haigusi diazepamu wala pombe. Ipo nyingine ya diazepamu, lakini haiondoi pombe, huisha nguvu kabla dawa yenyewe haijaisha, na kwa mtu aliyezoea vidonge inaweza kuleta degedege. Nimeona madaktari wakibishana juu yake kitandani pa mgonjwa. Wengi wetu tunapulizia hewa na kusubiri. Hata mashine ya kidoleni inadanganya: ukimpa oksijeni inasoma 98, na kumbe havuti ipasavyo, hewa ya ukaa inajaa. Kwa hiyo bado tunakaa tunatazama kifua.

Dada wa Free Area

Asante sista. Sasa nimeelewa kwa nini yule nesi hakuondoka kando ya kitanda hata mashine iliposoma vizuri. Mimi nilimwona kama anasinzia, kumbe alikuwa anahesabu.

Jirani aliyetoa vidonge bado haongei na shangazi. Yeye anasema alisaidia, shangazi anasema nusura amzike mtu wa pili wiki moja. Mimi nimekaa katikati. Dawa ilikuwa yake, chang'aa haikuwa yake, na blanketi nilimfunika mimi.

Mzee wa Section 58

Sista, kwa huyo daktari wa kunipunguzia vidonge, mtu huenda na mkewe au peke yake?