Tupeane uzoefu: umewahi kutumia saundi ya mtu TikTok halafu ikapotea?

Habari za jioni wana Kigoma na Tabora. Naanza na yangu. Shangazi yangu anauza dagaa Kibirizi, ana namna yake ya kuita wateja, anavuta neno mpaka mtu wa mwisho kwenye mwalo anageuka. Nikamrekodi sekunde kama kumi na tano, nikapost. Siku ya tatu naona watu kibao wameitumia, wengine wanaanika nguo, mmoja anakimbiza bata. Tumecheka sana hapa nyumbani. Ila nikigusa kile kidisk kinachozunguka chini kulia nakuta imeandikwa "original sound" na jina la peji moja siijui kabisa! Sio mimi. Yaani ile peji ilidaunlodi video yangu ikaipost upya. Baada ya wiki mbili saundi ile ikafutwa, na video za watu waliofurahia shangazi zikabaki bubu. Nyie imewatokeaje?

Mha_wa_Mwanga: Mi nadhani hao waliotumia hawakuandika krediti kwenye kapsheni, ungetajwa jina yasingetokea haya. Mimi huwa naandika tu "krediti kwa mwenyewe" na sijawahi kusumbuliwa.

Fundi Spika, Isevya: Kaka uko sawa nusu. Kapsheni ni adabu tu, mfumo hauisomi kama ruhusa. Krediti yenyewe inakaa kwenye saundi. Ukifungua ukurasa wa saundi ukabonyeza "Use this sound", video yako inajifunga kwenye video ya mwanzo na jina lake linaonekana bila wewe kuandika chochote. Ukidaunlodi video ya mtu ukaipost upya, mfumo unaona ni sauti mpya na unakuandika wewe kuwa mwenyewe. Sasa wote watakaobonyeza kwako wanajifunga kwako, sio kwa shangazi. Siku nakala ikishushwa kwa malalamiko ya hakimiliki, wote waliojifunga nayo wanaingia kwenye hatari ya kunyamazishwa hata kama walikuwa na nia njema, ndio kilichowakuta hao wenye bata.

Kwahiyo kabla hujatumia, gusa jina la saundi, angalia video iliyoandikwa "Original" pale juu. Ikiwa ni ya peji inayokusanya vichekesho vya watu, na sauti ni ya mama wa sokoni, shtuka. Tafuta ya mwanzo utumie ile.

Mwenye bata: Aisee bata ni wangu huyo 😂 samahani dada, sikujua. Nilibonyeza nilichokiona.

Bi Asali: Na mimi saundi zangu zimepotea jamani, simu ilidondoka ndani ya ndoo ya asali tangu hapo haitoi sauti, nisaidieni.

Mwanzisha uzi: Bi Asali 😂 hiyo mpelekee fundi simu. Hapa ni sauti za kwenye video.

Dogo wa Ng'ambo: Mimi yangu ilikuwa tofauti. Nilitengeneza saundi ya kuchekesha, watu wakaitumia, mama akaniambia funga akaunti kwa ajili ya mtihani. Nikaifanya praiveti. Rafiki zangu wakanipigia, saundi haitumiki tena! Nikaifungua tena baada ya mtihani, lakini upepo ulikuwa umeshapita.

Fundi Spika, Isevya: Ndiyo, akaunti ikiwa praiveti wengine hawawezi kuitumia saundi yako. Kingine, kwenye rekodi ya shangazi kulikuwa na muziki nyuma?

Mwanzisha uzi: Kulikuwa na redio ya jirani, tena imefunguliwa hasa.

Fundi Spika, Isevya: Basi hata yako halisi haiko salama. Mfumo unautambua wimbo hata ukiwa chini ya kelele, na wimbo una wenyewe. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024, mkataba wa Universal Music na TikTok ulipoisha nyimbo zao zikaondolewa na video zilizozitumia zikanyamaza, mpaka walipoelewana tena mwezi wa tano? Mwenye video hakuwa na kosa lolote pale. Mrekodi tena shangazi asubuhi na mapema, kabla jirani hajafungua redio.

Mha_wa_Mwanga: Sawa nimekubali, ila mwenyewe akifuta video yake, yangu inabaki na sauti? Maana mimi ninayo moja bado inaongea na ya mwanzo siioni tena.

Dogo wa Ng'ambo: Mimi yangu moja ilinyamaza palepale 😩

Fundi Spika, Isevya: Nimeona yote mawili, kusema kweli. Ndio maana kazi ya mteja anayelipa sijengi juu ya sauti ya mtu mwingine, narekodi yangu.

Mwanzisha uzi: Shangazi amekubali kurudia kesho alfajiri, ila anasema safari hii analipwa kwanza, na anataka nakala ya video ya bata.