Tupeane uzoefu: skripti ya kujaza fomu ilivyowahi kukutia matatani

Karani_wa_Zamu
Jana kuna dada ofisini kaniomba nimtengenezee skripti ya kuingiza majina kwenye mfumo, nikakumbuka yangu ya mwaka juzi mwili ukanisisimka. Wenzangu mliojaza fomu kwa Selenium au Playwright, mwageni yaliyowakuta.

mamaJunior
Mimi ni namba za simu tu. 0754 ikaingia 754, mfumo ukakataa mistari yote. Ekseli ilishaila sifuri.

Fundi Bomba wa Data
Ekseli ikishaila ndani ya faili huirudishi hivi hivi. Ile safu iwe ya maandishi tangu mwanzo, halafu usome hivi:
```python
df = pd.read_excel("wanachama.xlsx", dtype=str)
```

Karani_wa_Zamu
Yangu sasa. Tulikuwa na wanachama 640, makato ya mwezi ya kila mmoja yanaingizwa kwenye fomu ya wavuti, mmoja mmoja, kwa mkono unatumia siku tatu. Nikaandika skripti, nikaijaribu kwa watu 5, safi kabisa. Mchana nikaiachia nikaenda kula. Sasa mchana ule mfumo ulikuwa mzito, ukibonyeza kitufe cha kutuma kile kiduara kinazunguka weee. Skripti ilikuwa inasubiri sekunde 20, isipoona ukurasa wa uthibitisho inahesabu imeshindwa, na mimi kwa akili zangu nilikuwa nimeiambia ikishindwa irudie mstari uleule. Kumbe kule kwenye seva ilikuwa imeshapokea! Narudi nakuta skripti imemaliza bila kosa hata moja, nikafurahi. Saa kumi mzee mmoja mstaafu akapiga simu, "Mwanangu, mbona mmenikata mara mbili?" Nikafungua ripoti, makato 677. Watu 37 wamekatwa mara mbili. Nililala ofisini nikilinganisha majina, na kufuta kulihitaji idhini ya mkuu, kila mmoja na barua yake.

Chaz_Moro
Ungeweka `time.sleep(60)` kila baada ya kutuma, yangeisha. Mimi ndo navyofanya miaka yote.

Fundi Bomba wa Data
Chaz, sekunde 60 mara 640 ni zaidi ya saa 10 za kungoja tu, na siku mfumo ukichukua sekunde 61 umerudi palepale. Kungoja kuwe kwa kitu unachokiona, namba ya uthibitisho ikitokea tu unaendelea:
```python
btn.click()
ref = WebDriverWait(driver, 60).until(
    EC.visibility_of_element_located((By.ID, "refNo"))).text
```
Hiyo `refNo` ni ya mfano, angalia ya mfumo wenu. Na muda ukiisha USIRUDIE kutuma. Muda kuisha maana yake hujui kama imeingia, siyo kwamba haijaingia. Andika mstari huo "haijulikani" kwenye faili, endelea na mwingine, ukimaliza watafute hao kwenye mfumo kwa namba ya uanachama. Asiyekuwepo ndo unamwingiza.

Chaz_Moro
Unatuletea nadharia bwana, yangu inafanya kazi.

Fundi Bomba wa Data
Inafanya kazi mpaka siku mzee wa watu apige simu.

nuru_k
Hameni Selenium njooni Playwright, yenyewe inasubiri.

Karani_wa_Zamu
Nuru, inasubiri kitufe kiwe tayari kubonyezwa, hilo kweli. Lakini seva imehifadhi au la itajuaje? Kosa langu ningelifanya na huko pia.

Bi Shamim
Samahanini, za kwetu ni fomu za PDF mtu anajaza kwa kalamu, hii itanisaidia?

mamaJunior
Hapana dadangu, hiyo bado unachapa mwenyewe kwanza.

Selemani_ICT
Kwetu kuna namba ya siri inayokuja kwenye simu kila ukiingia. Niliweka `input()` baada ya kufungua brauza, naingia mwenyewe kwa mkono, nabonyeza Enter, ndo inaendelea. Nenosiri halikai kwenye kodi. Ila nikichelewa mfumo unanitoa katikati, kwa hiyo kila mstari inaangalia kwanza kama bado jina langu lipo pale juu, lisipokuwepo inasimama.

Chaz_Moro
Na bosi usimwambie, atakuongezea kazi.

Karani_wa_Zamu
Hapo nakupinga kabisa. Yale makato 37 yaliandikwa kwa jina langu la kuingilia. Kama mkuu asingekuwa anajua kuna skripti ningeitwa mwizi.

nuru_k
Mkuu wetu anajua, ila wenye mfumo je? Masharti yao yanakataza mashine kuingia. Nani alishawauliza?

Selemani_ICT
Niliandika barua, mwezi wa pili huu sijajibiwa.

mamaJunior
Karani, yule mzee alirudishiwa hela yake?

Karani_wa_Zamu
Alirudishiwa mwezi uliofuata. Sasa kabla sijafunga kompyuta nahesabu: mistari ya faili, namba za uthibitisho, na jumla ya kwenye mfumo. Zisipolingana zote tatu sitoki.