Ametapika uji siku ya pili baada ya kukatwa utumbo: arudi kukaa bila kula?

NesiZamuUsiku: Hamjambo wenzangu. Wodi ya upasuaji ya wanaume, hapa Nairobi. Mgonjwa ana miaka 46, kilo 68. Alipasuliwa Alhamisi usiku kwa utumbo mpana uliojisokota. Kipande kikakatwa, ncha zikashonwa. Ijumaa daktari aliandika aanze kunywa, lakini hakupewa kitu kwa kuwa tumbo lilikuwa kimya. Leo Jumamosi saa nne asubuhi mkewe kaleta uji wa wimbi, akapiga kikombe kizima kwa mkupuo. Saa saba akatapika kijani, kama mililita 300. Tumbo limejaa, hajashuta. Je, akae bila kula mpaka ashute? Na kwenye faili niandike nini? Waliotangulia wameandika "anavumilia" basi.

KlinikoRuaka: Kosa ni uji. Weka stetoskopu, usiposikia ngurumo, hakuna kitu mdomoni. Mpe chingamu na metoklopramidi, atafunguka.

KisuKikali: Kliniko, kwa chingamu niko nawe, ingawa si ya leo: mtu anayetapika kijani hatafuni kitu. Ngurumo ndizo zinazotupotosha. Utumbo mwembamba huamka ndani ya saa chache, tumbo la chakula siku moja au mbili, utumbo mpana siku mbili hadi tatu. Ukisubiri sauti au ushuzi unasubiri kiungo cha mwisho kuamka, na mgonjwa anakaa njaa bure. Mshono nao hausalimiki kwa njaa; mate na maji ya nyongo hupita hapo hata asipokula.

Ila huyu sasa ni kesi nyingine. Kichefuchefu na tumbo laini, ningesema punguza kiasi tu. Matapishi ya kijani na tumbo lililojaa maana yake utumbo umelala. Simamisha vya mdomoni, mketishe, mwite daktari wa zamu, mpira upite puani mpaka tumboni, uachwe wazi kwenye mfuko. Hatari ya kwanza usiku huu ni matapishi kuingia mapafuni. Metoklopramidi haijathibitika kuamsha utumbo uliolala, na kama kuna kuziba haifai. Halafu tafuta kilichoulaza: potasiamu ni ngapi, amepata mofini kiasi gani, dripu ngapi?

MamaUmoja: Samahani kuingilia. Dada yangu amejifungua kwa upasuaji jana, wamemnyima chai mpaka asubuhi. Naye ni hivyohivyo?

KisuKikali: Hapana, mama. Utumbo wake haukukatwa. Asiyetapika, wengi huruhusiwa kunywa saa chache tu baadaye. Mwulize sista wa wodi yake, huenda kuna sababu.

NesiZamuUsiku: Mpira umetoa 650 mara moja, kijani, tumbo limelegea. Potasiamu 2.9. Mofini kila saa nne tangu Alhamisi. Dripu lita tatu na nusu kwa siku. Mkojo mililita 50 kwa saa.

KisuKikali: Majibu yote unayo hapo. Mkojo upo, kwa hiyo daktari aandike potasiamu: milimoli 40 ndani ya lita moja ya salaini, isipite kwa chini ya saa nne. Soma kibandiko cha ampuli, kisha geuza chupa mara kadhaa; ikitulia chini, mshipa unapokea yote kwa mkupuo. Kamwe usiisukume kwa sindano. Mwombe aongeze parasetamoli kwa saa maalum ili mofini ipungue. Dripu ya kawaida ishuke. Kinachotoka kwenye mpira kifidiwe kwa dripu, kipimo kwa kipimo. Kesho aketi kitini, atembee mpaka mlangoni na kurudi.

Mapigo yakipanda juu ya 110, homa, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usiseme "utumbo umelala" tena. Mshono ukivuja, aghalabu ni siku ya tatu hadi ya saba, na dalili ya kwanza mara nyingi ni huko kukataa chakula.

Kwenye faili, "anavumilia" halisemi kitu. Andika hivi, saa na vipimo uweke vyako:

"Saa 4:00 uji 250 ml, kwa mkupuo. Saa 7:00 ametapika 300 ml, kijani. Tumbo limejaa, halijakakamaa. Ushuzi hapana, choo hapana. Mapigo 92, joto 37.2. Mpira saa 10:30, 650 ml. Vya mdomoni vimesimamishwa, daktari wa zamu amejulishwa saa 10:10."

Akianza tena: maji vijiko viwili vya mezani kila nusu saa, saa nne mfululizo. Bila kichefuchefu, nusu kikombe cha uji mwepesi, polepole. Mwambie mkewe mapema, chupa anayoleta ibaki kwako.

KlinikoRuaka: Na mpira utoke lini? Mimi naufunga saa nne kwanza, nikifungua nikikuta chini ya 200 nautoa.

KisuKikali: Mie siufungi. Kinachotoka kikipungua chini ya mililita 500 kwa siku, tumbo laini, hana kichefuchefu, nautoa. Njia yako nayo ipo, tofauti ni kwamba ukifunga lazima mtu awe karibu akianza kutapika, na usiku mko wangapi wodini?

NesiZamuUsiku: Wawili, wagonjwa 38. Hatufungi.