Nimeuziwa GT 1030 "ya kurekodia", kumbe haina enkoda kabisa!

Mwl_Kipeo: Wakuu, nimekasirika sana. Narekodi vipindi vya hesabu vya kidato cha nne kwa OBS Studio, kompyuta ya mezani, prosesa i3-6100. Nikiwasha kamera na slaidi, prosesa inafika 98%, yanatokea maandishi `Encoding overloaded!` na video inatoka inarukaruka. Fundi wa duka akaapa kwamba kadi ya GT 1030 itabeba kazi ya kurekodi. Nimelipa, nimefunga, nikifungua `Settings > Output` naona x264 peke yake. NVENC, enkoda ya kadi za NVIDIA, haipo! Nikirudi dukani naambiwa nisasishe draiva. Nimesasisha mara tatu!

Chapchap: Mkuu, baki na x264, badilisha preset kutoka `veryfast` iwe `ultrafast`. Prosesa itapumua, na video haibadiliki chochote.

Mwl_Kipeo: Nimejaribu. Imeshuka hadi 70%, lakini vipeo na vipeuo vimekuwa ukungu. Mwanafunzi atasomaje x² kama 2 haionekani?

FundiBodi: Mwalimu, pole, umedanganywa. GT 1030 haina NVENC kwenye chipu yake, na draiva haiwezi kuongeza kitu ambacho hakipo. Kinachouma zaidi ni kwamba hukuhitaji kununua chochote: hiyo i3 ina QuickSync, enkoda ya Intel, ndani yake. Bodi nyingi huizima picha ya ndani ukishachomeka kadi, ndiyo maana huioni. Ingia BIOS, tafuta `iGPU Multi-Monitor` au jina linalofanana na hilo, iwashe, kisha weka draiva ya Intel. Waya wa skrini uache kwenye kadi. Ukirudi OBS chagua `QuickSync H.264`. QuickSync ya umri huo inahitaji data zaidi kuliko x264 ili maandishi yakae vizuri, kwa hiyo panda kutoka 4000 hadi 8000 Kbps. Unahifadhi kwenye diski, hutumii bando. Na fremu 60 za nini kwenye somo? Weka 30.

Goli_Tano: Mimi nina NVENC kabisa na gemu bado linakatakata. Kwa hiyo hizi enkoda za kadi ni uongo mtupu?

FundiBodi: Fungua `Stats`. Inayopanda ni `encoding lag` au `rendering lag`?

Goli_Tano: Rendering. Kadi iko 99%.

FundiBodi: Basi enkoda yako haina kosa. Gemu limekula kadi yote, OBS haipati nafasi hata ya kuchora fremu. Funga gemu kwenye fremu 60 uone.

Goli_Tano: Nimefunga, imepungua ila haijaisha.

Mwl_Kipeo: FundiBodi, ubarikiwe. QuickSync imetokea! Nimerekodi dakika 40, prosesa 35%, fremu zilizorukwa 0, na kipeo kinasomeka. Kesho asubuhi naifungua hii kadi, narudi nayo dukani na risiti yangu. Kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa kesi kama hii?